Ushuru wa Sukari: Ni Nani Apataye, na Ni Nani Alipaye?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida wa chama. Yachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Halmashauri yetu iliniagiza niseme mbele yenu juu ya ushuru wa forodha na mgawo wa bidhaa zitokazo ng'ambo, yaani habari ya Serikali kuvikinga viwanda vya nchi visishindwe na mali ya wageni. Jambo hili ni pana mno, na mtu akitaka kulieleza lote kwa jioni moja atatoka nasi hapa bila kueleza hata moja. Kwa hiyo nimechagua bidhaa moja tu, nayo ni sukari. Nimeichagua kwa sababu tatu. Kila mmoja wetu huinunua. Viwanda vyake vimo humu Tanzania, twavijua kwa majina. Na karatasi zake nyingi hupita mezani pa watu wa kazi yetu, forodhani na maofisini.

Kwanza yafaa tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Ushuru wa forodha ni fedha ambayo mleta mali huitoa bandarini kabla mali yake haijaruhusiwa kuingia. Mtu yeyote aweza kuleta kiasi chochote, maadamu ailipe fedha hiyo. Mgawo ni jambo lingine. Hapo Serikali husema, "Mwaka huu zitaingia tani kadha wa kadha, wala hazitazidi," na wale waruhusiwao kuzileta hupewa vibali. Asiye na kibali, hata akija na fedha mkononi, hurudishwa. Mambo haya mawili hufanana kwa kuwa yote hupandisha bei ya mali ya kigeni ili mali ya nchi ipate kuuzika. Walakini yana tofauti kubwa, na tofauti hiyo ndiyo niliyokuja kuieleza.

Sasa tutazame sukari yenyewe. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutoza ushuru mmoja wa forodha mwaka 2005, na sukari ikawekwa katika mali zenye kinga kali kupita kawaida. Sukari itokayo nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa mia kwa mia, maana yake ni kwamba iliyonunuliwa kwa shilingi mia huongezwa shilingi mia nyingine bandarini. Zaidi ya hayo, hapa kwetu Sheria ya Tasnia ya Sukari ya mwaka 2001 yaitaka sukari isiingie nchini ila kwa leseni ya Bodi ya Sukari. Kwa hiyo ukuta wetu umejengwa mara mbili: upo ushuru, na nyuma ya ushuru kipo kibali.

Ukuta huu haukujengwa bila sababu, wala sikuja kuudhihaki. Bei ya sukari katika soko la dunia si bei ya haki siku zote. Serikali za nchi tajiri na za nchi kubwa zimewasaidia wakulima wao kwa fedha nyingi, kisha sukari iliyowazidi wakaitupa katika soko la dunia kwa bei iliyo chini ya gharama yake. Ulaya ilifanya hivyo kwa miaka mingi, hata mwaka 2005 Shirika la Biashara Duniani likaamua kwamba imevunja mapatano. Mwezi Desemba 2021 India nayo ilihukumiwa hivyo kwa mashtaka ya Brazili, Australia na Guatemala. Mkulima wa Kilombero ashindanapo na sukari ya namna hiyo hashindani na mkulima mwenziwe. Ashindana na hazina ya dola.

Tena ukuta umezaa matunda. Viwanda vyetu vikubwa ni Kilombero, Mtibwa, Kagera na kile cha Arusha Chini karibu na Moshi, kijulikanacho kwa herufi TPC. Vyote vilikuwa mikononi mwa Serikali, na katika miaka ya 1998 hata 2001 vikauzwa kwa makampuni. Wakati ule nchi ilikuwa ikitengeneza takribani tani laki moja na zaidi kidogo kwa mwaka. Ilipofika mwaka 2016 Serikali ilitaja tani 320,000. Hakuna mwenye akili atakayenunua mitambo ya kusaga miwa, na kuchimba mifereji ya kumwagilia, pasipo kuwa na hakika kwamba sukari yake itauzika. Ukuta ndio uliompa hakika hiyo. Hata upanuzi mkubwa wa kiwanda cha Kilombero, ulioanza mwaka 2021, usingaliwezekana kama bandari ingalikuwa wazi kwa kila meli.

Basi, tukiisha kukiri faida, na tuulize gharama. Gharama ya kinga haiandikwi katika makisio ya Serikali. Bunge haliipigii kura, wala hapana mtoza kodi aipitiaye nyumba kwa nyumba. Imefichwa ndani ya bei ya kilo moja, na mtu huilipa dukani bila kupewa stakabadhi. Ili tuione, hatuna budi kupiga hesabu. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano tu, nimezichagua ziwe rahisi kufuatwa. Msizichukue kuwa bei za leo.

Tuseme kilo moja ya sukari ya kigeni yafika Dar es Salaam kwa shilingi 1,600, na gharama za kuitoa bandarini na kuichukua hata ghalani ni shilingi 240. Pasipo ushuru wowote ingesimama kwa shilingi 1,840. Tuseme tena sukari ya viwanda vyetu yauzwa shilingi 2,800. Ushuru ukiwa mia kwa mia, ya kigeni itasimama kwa shilingi 1,600, na 1,600 nyingine ya ushuru, na 240, jumla 3,440. Hapana atakayeileta, kwa maana ya nyumbani ni nafuu. Ukuta umefanya kazi yake. Lakini mnunuzi alipa 2,800 kwa kitu ambacho angalikipata kwa 1,840. Tofauti ni shilingi 960 kwa kila kilo.

Nyumba itumiayo kilo tano kwa mwezi, yaani sitini kwa mwaka, italipa shilingi 57,600 za kukikinga kiwanda. Sasa pimeni uzito wake. Karani mwenye mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi hupata 9,600,000 kwa mwaka. Kwake ni chini ya shilingi moja katika kila mia. Kibarua apataye 150,000 kwa mwezi hupata 1,800,000 kwa mwaka. Kwake ni zaidi ya shilingi tatu katika kila mia. Tumbo la tajiri halinywi chai mara kumi ya tumbo la maskini. Kwa hiyo kinga iwekwayo juu ya chakula huwa kodi ambayo maskini huilipa kwa kipimo kikubwa kuliko tajiri, nayo haina msamaha kwa mtu wa mshahara mdogo.

Je, zile shilingi 960 huenda wapi? Watu husema zamwendea mkulima wa miwa, na kweli sehemu yake humfikia. Pale Kilombero maelfu ya wakulima wadogo hulima miwa na kukiuzia kiwanda. Malipo yao hufuata uzito wa miwa na utamu uliopimwa ndani yake, na bei ya sukari ikipanda nao hupata. Walakini mkulima hali bei. Ala miwa iliyopokelewa. Muwa ukiisha kuchomwa moto na kukatwa haungoji. Usiposagwa katika siku moja au mbili, sukari iliyomo hupungua, na malipo hupungua nayo. Kiwanda kikiwa na mitambo isiyotosha, au mvua zikiwahi na njia zikaharibika, miwa husalia shambani, na mwenye shamba hufunga mwaka na madeni ya mbolea na ya ukataji. Kwa mtu huyo bei ya shilingi 2,800 ni habari tu aisikiayo. Kwa hiyo atakaye kujua kama kinga yamfaa mkulima asiitazame bei ya dukani. Aulize ni tani ngapi za miwa zilizokomaa zilibaki shambani kiwanda kilipofunga.

Sehemu nyingine huingia katika faida ya kiwanda na mishahara ya wafanya kazi wake. Tena iko sehemu isiyomwendea mtu yeyote, nayo ndiyo hasara tupu: hupotea katika mitambo mizee, katika mashamba yasiyomwagiliwa, na katika uzembe ambao mshindani angaliukomesha. Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiwanda nacho, kikijua kwamba mnunuzi hana pengine pa kwenda, chaweza kutia maji.

Hata hapa nimesema juu ya ushuru. Sasa nauja mgawo, na ndipo palipo kiini cha maneno yangu.

Viwanda vyetu kwa miaka mingi havikutosheleza nchi. Mwaka ule wa 2016 Serikali ilitaja mahitaji ya tani 420,000, na uzalishaji wa tani 320,000. Pengo tani 100,000. Tena pengo hili lina majira yake. Viwanda hufunga kwa mvua za masika, takribani toka Machi hata Mei au Juni, kwa sababu magari hayapiti mashambani na muwa hunyonya maji ukapungua utamu. Ndipo sukari ya ghalani hupungua na bei hupanda. Serikali ilitengeneza njia ya kuliziba pengo: kiasi kilichopimwa huruhusiwa kuingia kwa ushuru mdogo, kama asilimia 25 au 35 badala ya mia, kwa wale waliopewa vibali.

Turudi katika hesabu yetu. Mwenye kibali huinunua sukari kwa 1,600, alipa ushuru wa asilimia 35, yaani 560, na gharama 240. Imesimama kwa 2,400. Sokoni bei ni 2,800, kwa maana kiasi kilichoingia ni kidogo nacho hakikuishusha. Apata shilingi 400 kwa kilo. Katika tani 10,000 mna kilo milioni kumi. Faida yake ni shilingi bilioni nne. Mtu huyu hakulima wala hakusaga, wala hakuvumbua jambo lolote. Bilioni nne zimetoka katika karatasi yenye muhuri. Kama pasingalikuwa na mgawo ila ushuru tu, Serikali ingaliweza kupandisha ushuru kwa shilingi 400 hizo, na bilioni nne zingaliingia katika Hazina, zikajenga zahanati na kulipa walimu. Mnunuzi alipa sawasawa katika njia zote mbili, shilingi 2,800. Kinachobadilika ni mfuko uzipokeao.

Hiyo ni tofauti ya kwanza. Ya pili ni kubwa zaidi. Ushuru una dari. Bei ya nyumbani ikitaka kupita 3,440 haiwezi, kwa sababu hapo mfanya biashara yeyote ataona faida kuleta meli hata akilipa mia kwa mia. Lakini kibali kikiwa lazima, dari hiyo huondoka. Hata aliye tayari kulipa ushuru wote hawezi kuleta. Sukari ikipungua, bei yaweza kupanda 3,500, na 4,000, na zaidi, wala hapana wa kuizuia ila yule mwenye kibali, naye ndiye afaidiye kwa kupanda kwake. Tukiichukua bei ya 4,000, faida yake kwa kilo si 400 tena, bali ni 1,600. Na kwa tani zile zile 10,000 si bilioni nne, bali kumi na sita. Kuchelewa kwa meli kwa majuma machache kwaweza kumpa mtu faida kuliko kuwahi.

Katika miaka iliyofuata 2016 desturi ikawa kuwapa vibali vya pengo wenye viwanda wenyewe. Hoja yake ilikuwa na maana: wafanya biashara wengine waliwahi kuingiza kupita kiasi, na sukari ya viwanda ikalala maghalani, mwenye kiwanda hatauangusha mti aukaliao. Lakini ndani ya hoja hiyo kuna mtego. Mwenye kiwanda aliye na tani 20,000 ghalani mwake, naye anacho kibali cha kuleta 10,000, kila shilingi ipandayo humzidishia faida katika tani zote 30,000. Simtuhumu mtu. Nasema tu ya kwamba hesabu yenyewe yamvuta upande wa kukawia, na sheria njema haimweki mtu mahali ambapo wajibu wake na faida yake vyavutana.

Haya si ya kubuni tu. Mwezi Februari 2016 Rais John Magufuli alizuia vibali vya kuleta sukari visitolewe pasipo ruhusa yake, ili viwanda vya nchi vilindwe. Masika yakaja, viwanda vikafunga, pengo likabaki wazi. Bei iliyotangazwa ilikuwa shilingi 1,800 kwa kilo, lakini madukani watu walilipa zaidi, na mahali pengine sukari haikuonekana kabisa. Serikali yenyewe ikalazimika kuagiza sukari kwa haraka.

Tena mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 mvua za El Ninyo zilijaza maji mashambani, miwa isikatike. Bei ikafika shilingi 4,000 na kupita. Mwezi Januari 2024 Bodi ilitangaza kikomo cha bei ya rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kufuatana na mahali. Lakini kikomo hakiongezi hata gunia moja. Mwenye duka ambaye ameinunua kwa bei ya juu huificha chini ya meza, na mnunuzi hupoteza muda pamoja na fedha. Serikali ililaumu kukawia kwa wale waliopewa vibali, na wenye viwanda nao walikuwa na majibu yao. Mwisho wa shauri, katika Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula aliruhusiwa kununua na kuweka akiba ya sukari. Waliopinga walisema wakala huyo akileta nyingi mno atawaua wenye viwanda na wakulima. Waliokubali walisema bila akiba ya umma mnunuzi yu mateka. Pande zote mbili zilisema jambo la kweli, na kwa hiyo kazi yote iko katika kipimo na katika wakati.

Ndugu zetu wa Kenya watufundisha upande wa pili wa shauri hili. Soko huru la nchi za COMESA lilianza Oktoba 2000, na Kenya ikaona ya kwamba sukari ya wenziwe itazima viwanda vyake vya magharibi. Ikaomba kinga, nayo ikapewa tangu mwaka 2002, kwa mgawo wa tani kwa mwaka, na kwa sharti kwamba katika muda huo ivitengeneze viwanda vyake. Muda ulipokwisha ikaomba tena, ikapewa. Ikaomba tena, ikapewa. Hata kinga iliyokusudiwa kuwa ya miaka michache ikapita miaka ishirini. Je, viwanda vilipona? Kiwanda cha Mumias, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, kilitiwa mikononi mwa mpokezi wa wadai mwaka 2019. Na mwaka 2017, ukame ulipoikausha miwa, Kenya ilitengeneza tani 376,000 tu; Serikali ikafungua mlango bila ushuru, na kwa mwaka ule zikaingia karibu tani 990,000. Mwaka uliofuata wakulima walilia kwa kukosa soko. Walimfunga mlango jirani kwa miaka mingi, kisha wakaufungua wote kwa siku moja. Mkulima aliumia mara mbili: kwanza kiwanda chake hakikufanywa kipya, kisha meli zikamfunika.

Sasa niseme neno juu ya udanganyifu, kwa kuwa hapo ndipo kalamu zetu zinapoingia. Bei ikiwa 1,840 nje ya ukuta na 2,800 ndani, kila kilo ipenyayo ina shilingi 960 za kumshawishi mtu. Majahazi na njia za panya zajulikana na wote. Lakini njia iliyo kubwa hupita katika karatasi halali. Iko sukari nyeupe iliyosafishwa sana, itumiwayo na viwanda vya soda, biskuti na dawa. Kwa kuwa hatukuwa tukiitengeneza, ilipewa ushuru mdogo. Mwenye kuileta nyingi kupita haja yake aweza kuitia katika mifuko ya dukani. Iko pia sukari iandikwayo kuwa yapita tu kwenda Kongo au Burundi, isiyofika mpakani kamwe.

Udanganyifu huu hauonekani kwa kulitazama gunia. Huonekana kwa kulinganisha vitabu. Kiwanda cha soda chajulikana hutumia sukari kiasi gani kwa kila kasha. Kasha zilizotozwa kodi zimo katika daftari moja, na sukari iliyoletwa imo katika daftari jingine. Karani akizidisha na kutoa ataona mara moja kama sukari imezidi soda. Vivyo hivyo hati ya bandarini na hati ya mpakani zapaswa kukutana katika muda wa siku chache, na gari lile lile, na lakiri ile ile. Mara nyingi madaftari haya hukaa katika ofisi mbili zisizoandikiana barua, na hapo ndipo mali hupotea.

Je, nchi ifanyeje? Mimi si mtunga sheria, lakini hesabu zenyewe zaonyesha njia. Kama yatakiwa kinga, ushuru ni bora kuliko mgawo, kwa kuwa una dari nao huijaza Hazina. Kama mgawo hauna budi kuwapo, vibali na viuzwe kwa mnada wa wazi, ili zile shilingi 400 za kila kilo zirudi kwa umma. Na majina ya waliopata, tani zao na siku ya mwisho ya kufikisha mali yabandikwe mahali pa kusomwa na wote. Atakayechelewa kibali chake kimpite mwingine. Tena vibali vitolewe kabla ya masika, wakati pengo liko mbele yetu, si baada ya bei kupaa.

Na kinga yenyewe iandikiwe mwisho. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kila mwaka yaulizwe maswali matatu tu: Tofauti kati ya bei yetu na bei ya bandarini imepungua au imeongezeka? Shamba la mkulima mdogo latoa tani ngapi kwa hekta, na ngapi zilibaki bila kusagwa? Nayo ile faida ya kinga imenunua mitambo, au imekwenda kwingine? Majibu yakiwa mema, shilingi 960 zetu ni ada tuliyomlipia mtoto shuleni, wala tusizionee uchungu. Yakiwa mabaya mwaka baada ya mwaka, basi si ada tena. Ni ushuru wa njiani atozwao maskini kila anywapo chai.

Nimalizie kwa jambo lituhusulo sisi tulio katika utumishi. Wenye viwanda ni wachache, wanajuana, na kila mmoja ana bilioni za kutetea; hawatakosa kuja ofisini. Wanunuzi ni mamilioni, na kila mmoja ana shilingi 57,600 za mwaka mzima. Hapana hata mmoja atakayepoteza nauli kwa ajili ya hizo. Kwa hiyo katika chumba kile kibali kinapoandikwa, mnunuzi hayupo, na mkulima aliyebakiwa na miwa hayupo. Yupo mwombaji, na yupo karani. Faili likipita mikononi mwetu, tuandike ndani yake tarakimu za wale wasiokuwapo: bei ya dukani wiki ile, tani zilizo maghalani, miwa iliyobaki shambani. Mkubwa atakayetia sahihi na aamue apendavyo, lakini asiamue kwa kuwa hakuonyeshwa.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha. Walio na maswali na waulize. Na aliye na tarakimu bora kuliko zangu, naomba azilete, tuzipime pamoja.